Visanduku Vitupu vya Ukurasa wa Kwanza

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne, katika darasa la watu wazima la parokia, na tangu siku hiyo sikuwahi kuandika tarehe kwa kukisia. Kwa hiyo naweza kusema bila kusita kwamba makosa yangu yalianza Jumatatu, tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi, katika kambi ya wakimbizi wa vita ya Lushebere, ambako nilikuwa sekretere wa kamati.

Asubuhi hiyo ofisa wa shirika lililotuhudumia alinipigia simu kutoka Goma. Ofisi yao ndogo ya Masisi ilikuwa imeporwa wiki iliyotangulia, siku watu wenye bunduki walipopita, na kompyuta iliyokuwa na orodha yetu ilikwenda pamoja nao. Orodha yenyewe ilibaki kwangu tu, kwenye karatasi: kurasa nne zilizochapwa kwa mashine, familia thelathini kila ukurasa, na safu tano: namba, jina la mama wa familia, jina la mume, idadi ya watoto, na bloku anayokaa. Mwanamke asiye na mume aliachiwa kisanduku kitupu katika safu ya tatu.

Ofisa alisema kwamba wamepata maturubai, yale tunayoyaita bashi, lakini yanatosha wajane peke yao. Alihitaji orodha ndani ya faili la jedwali, lile ambalo kompyuta inaweza kulichuja, ili aondoe kila mwenye mume na kuchapa jetoni, vile vikaratasi vya kupokelea msaada, za wanaobaki. Gari lingekuja Ijumaa, tarehe 13.

"Mama, si unitumie picha tu?" aliniuliza.

Nilimtumia ukurasa mmoja kwa njia ya ujumbe. Ulifika kwake umepunguzwa, herufi zimekuwa kama moshi, akasema hawezi kutofautisha jina na jina. Picha nzima, isiyopunguzwa, ilikuwa na uzito wa karibu mega nne, na kwenye forfe yangu, kifurushi changu cha intaneti cha wiki, zilibaki mega kumi na moja. Tena mtandao ulipatikana juu ya kilima tu, nyuma ya shule, na ulikatika katikati ya kila kazi nzito, ukaianzisha upya na kula mega zilezile mara mbili. Nilimwahidi jedwali kamili. Niliahidi kwa sauti ya mtu anayejua anachokiahidi, na nilikuwa sijui.

Siku ya Alhamisi, tarehe 5, nilikwenda Masisi kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, ambaye alichaji simu za watu kwa umeme wa jua na kuuza betri, sabuni na misumari. Nilisikia kwamba orodha za bei anazoletewa kwenye karatasi yeye huzigeuza kuwa majedwali ndani ya simu yake, bila mtandao. Alinisikiliza huku akipanga nyaya za chaja kama mtu anayesuka mkeka.

"Mama sekretere, vile vyombo vya mu mtandao vinasoma jedwali muzima, mistari na safu, vinakurudishia tayari. Lakini vinaomba picha ipande. Na mega yako haitoshi hata kwa salamu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakupatia hii."

Alinihamishia programu ndogo kutoka simu yake hadi yangu, simu kwa simu, bila kutumia hata chembe ya forfe. Kisha akanionyesha. Programu ile ilisoma maandishi ya picha humohumo ndani ya simu, ila haikuelewa jedwali. Ilitoa maneno tu, mstari chini ya mstari. Ukiipa ukurasa mzima, ilichanganya majina na namba. Kwa hiyo unapiga picha mchana, karatasi ikiwa imelala bapa, bila kivuli cha mkono, unaikata picha ibaki safu moja, unaisomesha, unanakili, kisha unabandika kwenye jedwali, kila mstari unashuka katika kisanduku chake. Unarudi kwa safu ya pili, na kuendelea hivyo.

"Sasa usikie vizuri," alisema, akaacha nyaya. "Kisanduku kitupu, simu haikioni. Inakiruka. Kile cha chini kinapanda, kinaingia mu nafasi yake, na vyote vya nyuma vinafuata. Njo maana kabla ya kupiga picha, utakamata kalamu ya bic, na kila mahali patupu utaandika kitu kwa herufi kubwa. Hapa andika VEUVE, mujane kwa Kifaransa. Simu isome neno, mstari ubaki mahali pake."

"Ni karatasi ya ofisi, Papa. Haichorwi-chorwi."

"Andika kwa nakala basi."

"Nitaona."

"Mama huyu ni mugumu," alimwambia mteja mwingine, wakacheka kidogo. Mimi nilicheka nao, nikamshukuru, nikaondoka.

Ni lazima niseme ukweli juu ya karatasi ile. Usafi wa karatasi ulikuwa sababu niliyompa mwenye duka. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Mume wangu alifariki tarehe 21 Aprili, miaka sita kabla ya siku hiyo, na tangu hapo sikumruhusu mtu kuniita kwa neno hilo. Orodha ilipoandikwa, nilikaa mbele ya mwandishi na kumtamkia jina la mume wangu kamili, naye akalichapa kwenye safu ya tatu kama la mtu aliye hai. Sikuwa nimedanganya ili nipate kitu, maana kwa kufanya hivyo nilijiondoa mwenyewe katika misaada ya wajane. Nilikuwa nimekataa tu. Na sasa mtu alitaka nilichukue neno nililolikataa, niliandike kwa mkono wangu mara kumi na tisa, kwa herufi kubwa, mbele ya majina ya wanawake kumi na tisa. Kidole changu hakikutaka. Nilijiambia kwamba kisanduku kitupu kina heshima zaidi.

Nilifanya kazi hiyo Jumapili alasiri, tarehe 8, na Jumatatu iliyofuata, chini ya mwanga wa mlango. Niliifanya kwa uangalifu wa mtu aliyechelewa shule. Programu ilisoma herufi O badala ya sifuri, niliirekebisha. Ilisoma r na n zilizokaribiana kama m, na jina la ukoo mmoja likawa la ukoo mwingine. Nilirekebisha hilo pia. Niliyapitia majina ya akina mama yote mia moja na ishirini, herufi kwa herufi, na leo hii naweza kuapa kwamba hakuna hata moja lililokosewa. Nilijivunia majina yale.

Safu ya waume niliibandika mwisho. Kila ukurasa ulinirudishia visanduku kadhaa vitupu chini kabisa, vitano katika ukurasa wa kwanza. Nilivihesabu vyote: kumi na tisa. Wajane wetu walikuwa kumi na tisa. Kisha nikatazama mstari mmoja tu wa safu ile, mstari wa tatu wa ukurasa wa kwanza, uliokuwa wangu. Jina la mume wangu lilikuwa mahali pake. Nikaridhika.

Lilikuwa mahali pake kwa sababu mjane wa kwanza katika ukurasa ule alikuwa kwenye mstari wa saba. Juu yake hakuna kilichosogea. Kuanzia kwake kwenda chini, kila jina la mume lilipanda ngazi moja, na baada ya mjane mwingine ngazi mbili, hadi wanawake watano wa mwisho wakabaki bila waume. Kati ya hao watano, mmoja tu alikuwa mjane kweli. Jumla ilikuwa sahihi na watu hawakuwa sahihi. Ningelitazama mstari wa nane tu, ningeliona.

Jumanne, tarehe 10, nilipanda kilimani na kulituma faili. Lilikuwa jepesi kuliko hata picha moja, likaondoka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Ofisa alijibu kwa maneno mawili: "Kazi safi." Niliyasoma maneno hayo mara nyingi wakati wa kuteremka.

Mwanamke wa mstari wa saba alitoka Buleusa, katika Walikale. Alikuja kwetu mwezi wa sita akiwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine mkononi, baada ya mume wake kuuawa shambani. Kibanda chake kilikuwa cha majani ya migomba, na majani yale yalikuwa yamekauka na kukunjamana, kiasi kwamba ukikaa ndani mchana ungehesabu vipande vya mbingu. Mvua kubwa zilikuwa zinakaribia. Tangu tangazo la maturubai lilipotolewa, alikuwa amenyoosha miti minne mipya na kuisimamisha, ikingoja kitu cha kubeba. Kila nilipopita aliniuliza jambo moja.

"Mama sekretere, Ijumaa njo Ijumaa?"

"Ijumaa njo Ijumaa," nilimjibu.

Gari lilifika Ijumaa saa tatu kasoro robo. Ofisa alikuwa na jetoni zake zilizochapwa na simu yenye jedwali langu. Saa tatu kamili alianza kuita. Jina la kwanza lilikuwa la mke wa fundi wa viatu, mstari wa ishirini na sita. Yule mama alitoka polepole, akimtazama mume wake, aliyekuwa amesimama pembeni mikono mfukoni. Watu walianza kunong'ona.

"Na huyu Papa anatazama wapi?" mtu aliuliza.

Fundi wa viatu alikohoa. "Kama kufa kunaleta bashi, basi, muniache nife," alisema, na kicheko kikapita katika umati mzima. Ofisa hakuelewa mzaha ule, akaendelea. Mama wa pili akaitwa, wa tatu akaitwa. Maturubai matatu yalikuwa yamekwisha kubebwa wakati mwanamke wa Buleusa alipokuja mbele.

"Muheshimiwa, jina yangu haiyatoka."

Ofisa aliteremsha kidole kwenye simu. "Hapa iko na mume, Mama," alisema, akasoma jina la mume huyo kwa sauti.

Lilikuwa jina la mume wa jirani yake, mama wa mstari wa nane, ambaye vibanda vyao vilitazamana. Mama huyo alikuwa palepale, mtungi mkononi.

"Kumbe," alisema taratibu. "Kumbe njo maana kila asubuhi unakujaka kuomba moto kwangu."

Watu walicheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa na meno. Mwanamke wa Buleusa hakucheka wala hakulia. Alikuwa bado amevaa kitambaa cheusi cha matanga, kwa sababu ndugu za mume wake walikuwa bado hawajakaa kumaliza kilio. Aligeuka, akanitafuta mimi.

"Mama sekretere. Waambie."

Karatasi zilikuwa ndani ya sakoshi begani pangu, ndani ya plastiki, safi. Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilielewa tangu jina la mke wa fundi lilipotamkwa; maneno ya mwenye duka yalinirudia yote, pamoja na sauti yake. Saa yangu ilisema tatu na dakika ishirini. Ofisa alinitazama, kamati ilinitazama, na wanawake niliowafundisha kuandika majina yao walinitazama.

Nilisema: "Kila mtu aliandikwa vile alivyojitaja."

Hiyo ndiyo sentensi. Nimeipima mara nyingi tangu siku ile nikitafuta neno ndani yake ambalo lingeweza kunisamehe, na sijalipata. Mwanamke yule alirudi nyuma, na watu wakampisha kwa upana kuliko ilivyohitajika.

Ofisa aliendelea kuita hadi majina ya ukurasa wa pili. Hapo mzee mmoja, katekista wa kanisa la kambi, alisimama mbele ya gari akiwa amemshika mke wake mkono, akatamka kwamba hatapokea turubai la kifo chake mwenyewe. Saa nne na nusu ofisa alisimamisha kazi. Aliyarudisha maturubai yote yaliyokuwa yametoka, kwa ugomvi mwingi, akaniambia kwa upole kwamba labda faili liliharibika njiani na kwamba ananipa siku hiyo nilitengeneze. Nilikubali kwamba labda liliharibika njiani. Milio ya risasi ilianza kusikika upande wa vilima vya magharibi, na dereva akasema hakai tena hata dakika. Saa tano gari liliondoka na mzigo wake wote.

Mchana huo nilichukua bic. Niliandika neno lile mara kumi na tisa, kwa herufi kubwa, juu ya karatasi ya ofisi. Nilipiga picha upya za safu ya waume, nikazikata, nikazisomesha, nikahesabu mistari ya kila moja: thelathini, thelathini, thelathini, thelathini. Nikabandika. Kazi nzima ilichukua saa moja na dakika kumi. Kutoka saa tatu na dakika ishirini hadi saa tano ni saa moja na dakika arobaini. Mtu anayejua hesabu ndogo kama hii anaelewa kwamba kama ningefungua sakoshi nilipoombwa, wanawake kumi na tisa wangelala chini ya turubai usiku ule.

Barabara ilifungwa siku iliyofuata na mvua ikaanza. Katika wiki zile nilijifunza kupita njia ya nyuma, ile ya mashimo ya takataka, ili nisipite mbele ya miti minne ya mwanamke wa Buleusa. Lakini habari zilinifuata. Jirani yake alikuwa amemnyima moto. Mchana alipeleka watoto chini ya ukingo wa paa la shule, na mvua ilipokuja na upepo aliwasimamia yeye mwenyewe kama ukuta. Mtoto mchanga alishikwa na kifua. Alipelekwa kituo cha afya tarehe 29 Septemba na kutoka tarehe 4 Oktoba, mzima, lakini mwepesi kama ganda la haragwe. Mume wa jirani, mtu mpole aliyekuwa hata hajui jina la mwanamke yule, alihamia kwa kaka yake hadi nyumba itulie.

Nilikwenda kwake siku mtoto alipotoka. Nilikuwa nimebeba unga na maziwa, na niliviweka chini kabla ya kusema, kama mtu anayelipa mlangoni.

"Ni mimi nilikosea," nilimwambia. "Uliandikwa vizuri. Mimi njo niliharibu, na nilijua wakati uliniomba."

Alikuwa akichochea moto wa kuni mbichi. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," alisema. "Ulishika sakoshi vile mutu anashika mutoto mbele ya mbwa."

"Unisamehe, dada."

"Hapa hakuna mutu. Mimi, wewe na hawa watoto." Alipuliza moto. "Ile siku ulisema mbele ya watu wote. Bashi zikifika, useme tena palepale."

"Nitasema."

"Useme kwanza. Mbele waanze kuita."

Nilimwahidi kwamba nitasema kwanza, kabla jina lolote halijaitwa.

Gari lilirudi Jumamosi, tarehe 19 Oktoba, siku thelathini na sita baada ya lile la kwanza. Nilikuwa nimevaa vizuri na nilikuwa na maneno yangu tayari. Kabla sijafungua mdomo, ofisa alipanda juu ya gari, akawaambia watu kwamba kazi ya kurekebisha orodha, bila mtandao, bila kompyuta, kwa simu tu, ilikuwa ya ajabu, na kwamba anaomba makofi kwa Mama sekretere. Watu walipiga makofi. Hata katekista alipiga. Mimi nilikuwa nimesimama nimenyoosha mgongo, na makofi yale, Mungu anisamehe, yalinipendeza. Nilijiambia kwamba nitasema yakitulia. Yalipotulia, jina la kwanza lilikuwa limekwisha kuitwa.

Safari hii mwanamke wa Buleusa aliitwa wa kwanza. Alipita mbele yangu karibu kiasi cha kunigusa, akapokea turubai lake, akaliweka kichwani na kuondoka moja kwa moja, bila kugeuka, na mtoto mgongoni. Nilimtazama hadi alipopinda kwenye kona ya shule. Majina kumi na nane mengine yaliitwa. Yalipoisha ndipo nilipoomba neno.

Nilisema yote. Nilisema kwamba faili halikuharibika njiani, kwamba nilionywa na sikufuata, kwamba nilikuwa na karatasi sahihi begani siku ile, na kwamba mwanamke wa Buleusa hakutaja mume yeyote isipokuwa marehemu wake. Nilisema kwa Kiswahili kizuri, sentensi baada ya sentensi, bila kurudia neno. Waliobaki kunisikiliza hawakufika nusu ya wale wa Septemba. Jirani yake alikuwamo. Aliinamisha uso, akaondoka. Ofisa alinipa mkono na kusema kwamba kila mtu hukosea.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya misa, nilipita njia ya mbele. Turubai lilikuwa limekwisha kutandazwa juu ya miti minne, na yeye alikuwa akifunga kona ya mwisho kwa kamba ya mgomba. Nilimsalimia. Aliitikia vizuri.

"Walinieleza ulisema," aliniambia, akivuta kamba ikaze. "Walisema ulisema vizuri sana."

Nilisimama nikingoja. Alifunga fundo la pili juu ya la kwanza, akalijaribu kwa kidole.

"Mimi sikusikia," alisema, akaingia ndani.